Hali Mbaya Haipatikani kwa Kujumlisha Athari za Kigezo Kimoja Kimoja

Kitengo chetu cha tathmini ya mikopo kimepokea malalamiko mengi kuhusu maombi yanayorudishwa. Wengi wanadhani tumekataa biashara yao. Hapana, tumerudisha lahajedwali.

Chukua mradi wa kuuza bidhaa 10,000 kwa mwaka. Bei ni 50, gharama ya kila bidhaa ni 30, na gharama zisizobadilika ni 150,000. Faida ni 50,000, na marejesho ya mkopo ni 40,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo hali inayotarajiwa.

Kwanza gusa kigezo kimoja, vingine viache. Mauzo yakipungua kwa asilimia 10, faida inabaki 30,000. Gharama ya bidhaa ikipanda kwa asilimia 10, inabaki 20,000. Bei ikishuka kwa asilimia 10, faida inakuwa sifuri. Kumbe mradi huu umesimama juu ya bei, na hapo ndipo maswali yetu yatakapoelekea.

Hali mbaya ni jambo jingine. Ni kisa kimoja kinachosimulika: mshindani ameingia, umeshusha bei hadi 45, wateja wamebaki 9,000, na malighafi zimepandisha gharama hadi 33. Faida inageuka hasara ya 42,000. Ukijumlisha athari za kigezo kimoja kimoja ungepata hasara ya 50,000, kwa sababu ungehesabu punguzo la bei na ongezeko la gharama hata kwenye bidhaa ambazo hazikuuzwa. Tafadhali msijumlishe kwa mkono. Modeli ipo kwa kazi hiyo.

Utaratibu ni huu: weka hali tatu, yaani inayotarajiwa, bora na mbaya, katika safu tatu za karatasi moja, na seli moja ya kuchagulia, B1, yenye 1, 2 au 3. Kila kigezo kisomwe hivi:

```
=CHOOSE($B$1,C5,D5,E5)
```

Ombi lenye faili tatu tofauti hurudishwa bila kusomwa, kwani fomula ikirekebishwa kwenye faili moja, mbili hubaki na kosa.

Wanaotumia Data Table ya Excel wakumbuke kwamba seli ya kigezo lazima iwe kwenye karatasi ileile yenye jedwali. Majibu yakigoma kubadilika, huenda hesabu imewekwa Automatic Except for Data Tables, bonyeza F9. Tumepokea majedwali yenye namba za modeli ya mwezi uliopita, yamesainiwa kabisa.

Mwisho, hali inayotarajiwa si wastani wa bora na mbaya. Tuseme hali bora inaleta faida ya 103,000. Ukiipa uzito wa asilimia 20, inayotarajiwa 50 na mbaya 30, matokeo ni 33,000, chini ya marejesho. Uzito huo ni makisio, kwa hiyo andika sababu yake pembeni. Bila sababu, afisa wetu ataweka wake.