Barua ya kupandisha bei kwa wateja wa kudumu: mfano wa chakula cha mchana maofisini

Natunza hesabu za biashara ndogo jijini Dar es Salaam, na nyingi ni za wapishi wanaopeleka chakula cha mchana maofisini. Hufika wakati sahani ya shilingi 5,000 hailipi tena, na mpishi hulijua hilo muda mrefu kabla ya kuthubutu kumwambia mteja. Wengine huamua kupunguza nyama kimyakimya. Mteja anayekula chakula chako kila siku hatachelewa kuligundua, na akishaligundua ataanza kukutilia shaka hata katika mambo ambayo hukumpunja. Bei iliyopanda kwa barua ya wazi haiumizi uhusiano kiasi hicho.

Kabla ya barua kuna hesabu. Mpishi mmoja ninayemhudumia aliuza sahani ya wali, nyama, maharage na mboga kwa 5,000. Mwaka uliopita vitu vya sahani hiyo vilimgharimu 3,900, gesi na vifungashio vikiwemo. Sasa vinamgharimu 4,450. Katika ongezeko hilo la 550, nyama imechukua 200, mafuta ya kula na gesi 130, mchele 120 na vifungashio 100. Zamani kila sahani ilimbakizia 1,100; leo inambakizia 550, na humo ndimo anamotoa mishahara, kodi ya jiko na nauli za bodaboda.

Akiuza kwa 5,500, kila sahani itambakizia 1,050. Hofu yake ni kwamba wateja watakimbia, na hofu hiyo inapimika. Kwa bei ya zamani, sahani 100 kwa siku humbakizia 55,000. Kwa bei mpya, sahani 53 humbakizia 55,650. Yaani hata akipoteza karibu nusu ya oda hatakuwa na hali mbaya kuliko aliyonayo leo. Simshauri azipoteze, ila mtu anayeijua namba hii huandika barua kwa utulivu. Angalizo ni moja: bodaboda hulipwa nauli ileile abebe sahani tano au ishirini. Ofisi nzima ikiondoka, nauli yake nayo inaondoka. Kila ofisi ikipunguza sahani mbili tatu, nauli zote zinabaki palepale. Kwa hiyo, baada ya tangazo, angalia idadi ya sahani ofisi kwa ofisi badala ya kutazama jumla tu.

Sasa sababu. Taja sababu ambazo mteja anaweza kuzithibitisha kwa mfuko wake mwenyewe, na usiegemee juu ya kitu kinachopanda na kushuka. Tarehe 28 Aprili 2022 Indonesia ilizuia kuuza nje mafuta ya mawese, na bei ya mafuta ya kula ilikuwa gumzo kila jikoni. Zuio liliondolewa 23 Mei, na miezi iliyofuata bei ya mawese katika soko la dunia ilishuka sana. Aliyeandika kwamba mafuta ya kula ndiyo sababu pekee alimpa mteja haki ya kudai bei ya zamani. Petroli ni vivyo hivyo: EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na mteja wako anaisoma kama wewe. Ni salama zaidi kutaja gharama kadhaa kwa pamoja na kueleza kwamba umezibeba mwenyewe kwa muda fulani, mradi iwe kweli.

Usiweke ada za watoto wala kodi ya nyumba yako. Mteja atakuonea huruma, lakini mhasibu wake hawezi kupitisha huruma kwenye malipo. Na usiombe radhi mara tatu: barua iliyojaa radhi inasomeka kama bei ambayo hata mwenyewe huiamini, na majadiliano huanzia hapo.

Barua niliyomsaidia mpishi huyo kuandika ilikuwa hivi:

*YAH: MABADILIKO YA BEI YA CHAKULA CHA MCHANA KUANZIA 1 JULAI*

*Ndugu Mteja,*

*Tunakushukuru kwa kuendelea kutuamini. Kuanzia tarehe 1 Julai, sahani ya kawaida itauzwa shilingi 5,500 badala ya 5,000.*

*Katika mwaka uliopita nyama, mchele, mafuta ya kula, gesi na vifungashio vimepanda bei. Ongezeko hilo tumelibeba wenyewe hadi sasa. Kuendelea hivyo kungetulazimu kupunguza kipimo cha chakula, jambo ambalo hatutaki kulifanya.*

*Kipimo, aina ya mchele na saa ya kufikisha chakula havitabadilika. Oda zote zilizolipiwa kabla ya 1 Julai zitahudumiwa kwa bei ya sasa. Kwa anayependa kubaki kwenye 5,000, tutakuwa na sahani ya wali, maharage na mboga bila nyama.*

*Kwa swali lolote tafadhali tupigie, tutafurahi kukusikiliza.*

*Wako katika huduma,*

Bei zote mbili zimeandikwa kwa tarakimu, mwanzoni kabisa. Barua inayozungukazunguka na kuificha bei mpya chini humfanya msomaji ajiulize kuna nini kingine kimefichwa. Sahani isiyo na nyama nayo haikuwekwa kwa kujaza nafasi: kuna mfanyakazi anayejilipia mwenyewe na mwenye 5,000 tu kwa siku, na bila sahani hiyo ungemfukuza bila kukusudia.

Ipeleke angalau siku 30 kabla, na bei ianze siku ya kwanza ya mwezi, ili ankara moja isibebe bei mbili. Kama kuna mkataba unaotaja bei hadi tarehe fulani, subiri tarehe hiyo. Taasisi za umma mwaka wao wa fedha huanza 1 Julai na bajeti huandaliwa miezi kabla, hivyo kwao siku 30 ni chache. Wape taarifa mapema zaidi. Wateja wakubwa waone ana kwa ana au wapigie kwanza, barua ifuate. Katibu muhtasi anayeagiza apate nakala, na mhasibu anayelipa apate yake. Hati ya oda yenye bei ya zamani lazima ibadilishwe kabla ya kupeleka sahani ya kwanza kwa bei mpya, la sivyo ankara itarudishwa na utasubiri malipo kwa kosa la karatasi.

Atakuwepo wa kusema, "Mama, sisi ni wateja wako wa siku nyingi, tubakishie ileile." Usimpe bei ya siri. Ofisi za jengo moja hula pamoja na kuongea, na siri hiyo ikitoka, wote waliokubali bei mpya bila neno watajiona wamepunjwa. Mpe nafuu inayokupunguzia gharama kweli, na itangaze kwa wote. Mpishi wangu alitoa punguzo la 200 kwa sahani kwa ofisi inayoagiza sahani 20 au zaidi kwa siku na kulipa kila Ijumaa. Ofisi ya aina hiyo ilikuwa ikimlipa baada ya siku 30, huku yeye akichukua nyama kwa mkopo buchani kwa bei ya juu. Sahani ya 5,300 inayolipwa Ijumaa inambakizia 850, na fedha hiyo inamwezesha kununua nyama taslimu wiki inayofuata.

Kwenye ankara ya kwanza ya Julai, andika tena mstari mmoja: "Bei mpya kwa mujibu wa barua yetu ya tarehe fulani." Mhasibu aliyekuwa likizo barua ilipofika atakushukuru. Kisha fuatilia oda za kila ofisi hadi mwisho wa Agosti. Ofisi ikipunguza oda wiki ya kwanza halafu ikarudi, mwache. Ikiendelea kupungua hadi wiki ya sita, mpigie anayeagiza umuulize kuhusu chakula chenyewe na saa kinayofika, kwa sababu kufikia hapo huenda tatizo si bei tena.