Nyuzi 43 zisizokuwepo kwenye asali

Wapo watu hapa Tabora wanaolainisha asali iliyoganda kwa kuizamisha ndoo kwenye maji ya moto, na wanataka isizidi nyuzi 40. Kazi ya kupima naipa sensa ya LM35 na bodi ya Arduino Uno. Nikiletewa bodi kwa malalamiko kuwa "inadanganya", mara nyingi sensa haina kosa lolote.

LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi, kwa hiyo asali ya nyuzi 40 ni milivolti 400. Kigeuzi cha Uno, kinachogeuza volteji kuwa namba, ni cha biti 10, maana yake kinagawa volteji ya rejea vipande 1024. Ukikiacha kilivyo, rejea ni umeme uleule unaoendesha bodi. Tukisema ni volti 5, kipande kimoja ni kama milivolti 4.9, karibu nusu nyuzi.

Kumbe chaja ya bei poa yenye waya mrefu huenda inafikisha volti 4.6 tu. Zile milivolti 400 zitasomeka 89 badala ya 82, na programu inayoamini ni volti 5 itaandika nyuzi 43 na nusu. Kununua kigeuzi cha biti 16 kinachotumia rejea hiyohiyo ni kutupa hela, maana kosa litabaki lilelile, ila litakuwa na desimali nyingi zaidi. Dalili yake ni rahisi: badili chaja, na joto "linabadilika" papo hapo.

Dawa ni rejea ya ndani ya chipu:

```
analogReference(INTERNAL);
int n = analogRead(A0);
float joto = n * 1.1 / 1024 * 100;
```

Sasa kipande ni takriban moja ya kumi ya nyuzi, na mwisho wa kipimo ni nyuzi 110. Inatosha, kwani kwa mwinuko wa Tabora maji huchemka kabla hata ya kufika 100. Ila hiyo 1.1 ni ya kwenye karatasi tu. Chipu moja inaweza kuwa na 1.0, nyingine 1.2. Pima pini ya AREF kwa maltimita, uandike namba unayoiona mahali pa 1.1. Vipimo vya mwanzo baada ya kubadili rejea vitupe.

Ukiongeza kupima betri ya sola kwa rizista mbili kubwa za kugawa volteji, sema megaomu 1 na kiloomu 68, jambo la muda linaingia. Kigeuzi huonja volteji kwa takriban maikrosekunde 12, kikijaza kikapasita cha ndani. Chipu imekusudiwa chanzo chenye ukinzani usiozidi kiloomu 10. Ukizidi, kikapasita kinaweza kubaki na mabaki ya pini iliyosomwa kabla, na betri ikavutwa kuelekea namba ya asali. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na graundi. Itachelewesha mabadiliko kwa milisekunde chache, na betri haibadiliki haraka hivyo.