Saa ya Chakula Isiyolipwa: Namna ya Kukokotoa Malimbikizo Yako

Mapunjo mengi ya mshahara tunayoyaona hapa Tanga yamejificha kwenye saa ya chakula. Daftari la mahudhurio linaonyesha mapumziko, mfanyakazi anakula nyuma ya kaunta huku akihudumia wateja, na saa ile haihesabiwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi: ukitakiwa kufanya kazi, au kuwa tayari kwa kazi, wakati wa mapumziko, muda huo unalipwa.

Muuzaji mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani alituletea slipu zake pamoja na kidaftari alichokuwa akiandika kila siku muda wa kuingia na kutoka. Kidaftari kile ndicho kilichomwokoa. Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa dukani saa 2:00 asubuhi hadi 10:30 jioni, yaani saa 8 na nusu. Mwajiri alihesabu 7 na nusu, na kwa siku sita zikatimia 45, kikomo cha kawaida cha wiki. Kwa kuwa hakupumzika, kila wiki kamili ilikuwa na saa 6 za ovataimu.

Hesabu saa za ziada wiki kwa wiki. Wiki ya Oktoba 14 duka lilifungwa siku moja. Alifanya saa 42 na nusu, hazikufika 45, kwa hiyo tukaiweka kando. Tulibaki na wiki 10 kamili: sita za Septemba na Oktoba, nne za Novemba.

Ili kupata malipo ya saa moja, gawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 4.333 mara saa za wiki. Kwa wiki ya saa 45 unagawanya kwa 195. Mshahara wake ulikuwa 390,000, sawa na shilingi 2,000 kwa saa. Novemba ulipanda hadi 429,000, sawa na 2,200. Ovataimu ni mara moja na nusu, na kila kipindi hutumia mshahara wake. Wengi hukosea hapa kwa kuzidisha saa zote kwa mshahara wa sasa.

Wiki sita: saa 36 × 3,000 = 108,000.
Wiki nne: saa 24 × 3,300 = 79,200.

Jumla ni 187,200. Lakini slipu ya Novemba ilionyesha alishalipwa saa 8 kati ya hizo, kwa 2,200 tu kila moja, yaani 17,600. Tukazitoa, na malimbikizo yakawa shilingi 169,600 kabla ya kodi.

Dai kwa barua, ukiambatanisha jedwali la wiki na nakala za slipu. Mwajiri akikataa, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa Fomu Namba 1 ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda na kueleza sababu, na ombi hilo linaweza kukataliwa. Ndiyo maana tunamsihi kila anayekuja dawatini kwetu alinganishe slipu na kidaftari chake mwezi uleule anapolipwa.