Kadi Iliyokaa Kabatini Bado Inatozwa: Dhana na Ukweli Kuhusu Ada ya Kadi na Arafa za Benki

Shangazi yangu, ambaye huuza samaki katika soko la Kibuye mjini Kisumu, aliniletea taarifa ya akaunti yake ya miezi mitatu akiwa na hakika kwamba kuna mtu anayemwibia kidogo kidogo. Tulipoihesabu mstari kwa mstari tulikuta makato 94 ya shilingi 3 yenye maandishi SMS CHARGE, yaani shilingi 282, na kato moja la shilingi 600 lililoandikwa CARD ANNUAL FEE. Hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na huduma mbili ambazo hakujua kwamba bado anazilipia.

Dhana: Kadi isiyotumika haitozwi.

Shangazi alikuwa ameiweka kadi yake kabatini tangu alipoanza kutoa pesa kwa wakala na kwa simu, akaamini kwamba kwa kufanya hivyo ameachana nayo. Ukweli ni kwamba ada ya mwaka hutozwa kwa sababu kadi ipo hai katika mitambo ya benki, wala si kwa sababu imetumika, na kwa kawaida hukatwa kila unapotimia mwaka tangu kadi ilipotolewa. Kuikata kwa makasi hakubadilishi lolote. Hata kuifungia kwa njia ya simu, kama watu wafanyavyo wanapoipoteza, mara nyingi ni kuisimamisha kwa muda tu, kwa hiyo mtu anayetaka ada iishe ni lazima aseme waziwazi kwamba anaomba kadi ifungwe kabisa huku akaunti ikiendelea. Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wengi kwenye kaunta, kwa kuwa karani husikia neno “funga” akaisimamisha kadi, na mteja hurudi nyumbani akidhani amemaliza.

Ombi hilo lafaa liandikwe. Barua ya shangazi ilikuwa na jina lake, nambari ya akaunti, tarakimu nne za mwisho za kadi, na sentensi mbili: funga kadi hii kabisa, na usitoe nyingine ya kuichukua nafasi yake muda wake utakapoisha. Sentensi ya pili ina uzito wake, maana benki huweza kutengeneza kadi mpya yenyewe ile ya zamani ikikaribia mwisho. Alibeba nakala mbili na kuhakikisha moja imepigwa muhuri wa tawi wenye tarehe. Ni bora barua ifike kabla ya mwezi ambao ada hukatwa. Tarehe ya kato la mwaka uliopita kwenye taarifa itakuonyesha mwezi huo.

Dhana: Arafa za benki husimamishwa kwa kampuni ya simu.

Binamu yangu alikuwa amempigia shangazi *456*9*5# kwenye simu yake. Nambari hiyo ya Safaricom huzuia arafa za matangazo ya biashara, lakini haigusi arafa za akaunti, na pesa zile hazikatwi kwenye salio la simu bali na benki yenyewe kwenye akaunti. Anayeweza kuzisimamisha ni benki, kwa fomu tawini au, katika benki nyingine, ndani ya programu yake ya simu.

Hapa naomba msomaji asikimbilie kuzima kila kitu. Arafa ndiyo inayomjulisha mtu mapema kwamba pesa zimetoka bila yeye kujua. Uliza kwanza kama benki yako hutuma taarifa kwa barua pepe au ndani ya programu bila malipo, na kama inaruhusu kuweka kiwango, ili arafa itumwe pale tu kiasi kinapozidi, tuseme, shilingi 1,000. Shangazi alichagua kiwango, kwa kuwa miamala yake mingi ni midogo. Nambari ya siri ya muda inayotumwa wakati wa kuthibitisha malipo ni huduma tofauti, nayo hupaswi kuiondoa.

Dhana: Mstari wa EXCISE DUTY ni ada nyingine ya benki.

Huo ni ushuru wa serikali juu ya ada. Ada ikiondoka, nao huondoka.

Dhana: Kilichokwisha kukatwa hakidaiwi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 56, inakataza mtoaji wa huduma za benki kutoza ada ambayo mteja hakujulishwa kabla. Kwa hiyo ukiona ada ambayo haimo katika fomu ulizotia sahihi wala katika orodha ya ada za benki, dai kwa maandishi tawini kwanza, kisha Benki Kuu ya Kenya, ambayo ina tawi Kisumu. Ada uliyojulishwa ukaisahau ni jambo jingine, nayo shangazi hakurudishiwa shilingi zake 600. Alichorudishiwa ni makato saba ya arafa yaliyoendelea baada ya tarehe iliyokuwa kwenye muhuri wa fomu yake ya kiwango cha arafa, na aliyapata kwa kuionyesha nakala yake ya fomu hiyo pamoja na taarifa ya mwezi uliofuata.