Ukomo wa idhini: saini ya pili inaingia wapi kabla muuzaji hajalipwa

Kampuni ya malori hapa Dar es Salaam, tuseme ina magari kumi na mawili na gereji yake. Fundi mkuu anahitaji matairi sita. Akihitaji balbu ya taa, ananunua na kurudisha risiti, hakuna anayemuuliza. Akihitaji matairi sita, ombi lake lazima lipite kwa mtu mwingine, na mtu huyo aseme ndiyo kwa maandishi, ndipo kampuni ifungwe na deni. Kiasi cha fedha kinachotenganisha balbu na matairi ndicho ukomo wa idhini. Chini yake mtu mmoja anatosha. Ukiufikia au kuuvuka, wanatakiwa wawili.

Watu wengi huuchanganya na ukomo wa bajeti, kwa sababu neno ni lile lile. Ukomo wa bajeti unasema mwaka huu gereji isitumie zaidi ya kiasi fulani. Ukomo wa idhini hausemi utumie kiasi gani, unasema nani anaweza kuamua peke yake. Fundi anaweza kuwa na bajeti ya milioni hamsini na bado asiruhusiwe kuagiza kitu cha milioni tatu bila saini ya mwenzake.

Tuseme ukomo umewekwa shilingi 2,000,000. Namba hiyo haina maana mpaka mwongozo useme inapimwa kwenye nini. Kitu cha 1,800,000 kabla ya kodi kiko chini ya ukomo. Weka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kinakuwa 2,124,000, kiko juu. Nimeona watu wazima wakibishana nusu saa juu ya jambo hili, kila mmoja na sababu zake, kwa kuwa aliyeandika mwongozo alisahau maneno mawili tu: "pamoja na kodi". Mimi napendelea kodi iwemo, na usafiri pia, kwa sababu hicho ndicho kiasi kitakachotoka benki. Huduma zinazojirudia, kama ulinzi au usafi, nazo zipimwe kwa mkataba mzima. Mlinzi wa 700,000 kwa mwezi ni 8,400,000 kwa mwaka, na aliyesaini mkataba ndiye aliyezitumia zote siku ile aliposaini.

Jambo la pili, ambalo naona ndilo linaloharibikia ofisi nyingi, ni saa ambayo saini ya pili inaombwa. Kwenye ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi, meneja wa fedha alikuwa akisaini vocha ya malipo tu. Vocha ilimfikia ikiwa na ankara, matairi yakiwa yameshafungwa kwenye lori na lori liko njiani kwenda Tunduma. Angesema nini? Akikataa, muuzaji anadai haki yake, na kisheria anayo, maana alipewa oda na akapeleka mzigo. Kwa hiyo alisaini. Alisaini kila wiki kwa miaka, na kila mtu pale aliamini kwamba manunuzi yanaidhinishwa na watu wawili.

Saini ya pili yenye nguvu hutolewa kabla oda haijamfikia muuzaji. Fundi anaandika ombi, anaambatanisha profoma, kwa kawaida tatu kutoka maduka tofauti, anaeleza gari gani linahitaji matairi na kwa nini. Mwidhinishaji anayasoma akiwa bado na uhuru wa kuuliza: haya ya zamani yalifungwa lini? Yametembea kilomita ngapi? Kwa nini sita na si manne? Akiridhika, anasaini, na hapo tu oda inatoka.

Wakati wa kulipa kuna ukaguzi mwingine, wenye swali lingine. Hapo hatuulizi tena kama tulihitaji matairi. Tunauliza kama tunalipia kile kilichoidhinishwa. Mhasibu analaza karatasi tatu mezani: oda, hati ya kupokelea bidhaa iliyosainiwa na mtunza stoo, na ankara. Idadi, bei na jina la muuzaji vikilingana, vocha inakwenda. Bei ya ankara ikiwa imepanda kuliko ya oda, vocha inarudi kwa aliyeidhinisha oda, kwa sababu saini yake ilikuwa ya bei ile, si ya hii. Na namba ya akaunti ya benki ikiwa tofauti na iliyo kwenye kumbukumbu, malipo yanasimama mpaka muuzaji apigiwe simu kwa namba tuliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua ya kutangaza mabadiliko.

Turudi kwa fundi wetu. Tairi moja ni 620,000. Sita ni 3,720,000, na pamoja na kodi ya 669,600 jumla inakuwa 4,389,600. Iko juu ya ukomo, inataka saini ya pili. Lakini fundi ana haraka, au mwidhinishaji ni mtu wa maswali mengi, au kuna kingine nyuma ya pazia. Anaandika oda tatu za matairi mawili mawili: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kila moja ni 1,463,200, na hakuna hata moja iliyogusa milioni mbili. Kampuni imetoa 4,389,600 zile zile na mtu wa pili hakuona kitu.

Huku ni kugawa manunuzi, na ni njia ya zamani ya kuuzunguka ukomo. Kwenye taasisi za umma ni kosa la kisheria: kwa mfano, Kenya, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, kifungu cha 54, inakataza kupanga manunuzi yawe mawili au zaidi kwa nia ya kukwepa utaratibu wa ununuzi. Kwenye kampuni binafsi sheria hiyo haikugusi, kwa hiyo mwongozo wenu wenyewe lazima uandike kwamba ukomo unapimwa kwenye hitaji zima, si kwenye karatasi moja moja.

Kuligundua si kazi ngumu. Panga malipo ya miezi mitatu kwa jina la muuzaji, kisha kwa tarehe. Muuzaji yule yule akitokea mara tatu ndani ya wiki moja, simama hapo. Angalia namba za ankara: zikiwa zinafuatana, moja baada ya nyingine bila kuruka, jiulize kama duka la matairi la Kariakoo linaweza kukaa wiki nzima bila kumuuzia mteja mwingine. Kisha geukia risiti za mashine ya kodi, kwa sababu zinaonyesha hadi saa. Mkononi mwangu ziliwahi kupita risiti tatu zilizoambatanishwa kwenye oda za siku tatu tofauti, na zote tatu zilitoka kwenye mashine alasiri moja, zikiachana kwa dakika chache. Tarehe za oda mtu aliandika kwa kalamu. Ya mashine hakuweza kuiandika yeye.

Si kila mgawanyo ni wizi, nikiri hilo. Gari la kwanza linaweza kupasua tairi Jumatatu na la pili Alhamisi. Ndiyo maana dalili hizi zinakufikisha kwenye swali, na jibu liko gereji: matairi yenyewe yana namba, na kitabu cha gereji kinaonyesha yalifungwa gari gani na siku gani.

Sasa mtu wa pili ni nani? Asiwe msaidizi wa mwombaji, maana fundi msaidizi hawezi kumkatalia fundi mkuu na kesho akaomba ruhusa ya kwenda msibani. Asiwe pia yule anayepokea mzigo. Kwenye ofisi ndogo yenye watu wanne hili linabana kweli, na mara nyingi mwenye mali mwenyewe ndiye anayebaki kuwa mtu wa pili, hata kama yuko safarini na simu tu.

Benki nyingi humruhusu mteja wa kampuni kuweka utaratibu huu kwenye huduma ya mtandaoni: mmoja anaandaa malipo, mwingine anaidhinisha, na malipo yaliyovuka kiasi fulani hayaondoki bila wote wawili. Ni mpango mzuri mpaka siku mwidhinishaji anapochoka kusumbuliwa na kumwachia mhasibu tokeni na namba ya siri. Kuanzia siku hiyo mfumo unaandika majina mawili, lakini vidole ni vya mtu mmoja. Fungua kumbukumbu za mfumo: malipo yaliyoandaliwa saa 8:02 mchana na kuidhinishwa saa 8:03, kila mara, mwezi mzima, hayakusomwa na mtu wa pili. Kitabu cha hundi zilizotiwa saini kabisa na kuachwa droo ya mhasibu "kwa dharura" ni ndugu yake wa zamani.

Uzembe huo mara nyingi huanzia kwenye namba yenyewe. Ukomo ukiwekwa chini mno, tuseme 200,000 kwenye kampuni inayonunua dizeli kila siku, mwidhinishaji analetewa karatasi arobaini kwa siku, na mtu anayesaini karatasi arobaini hasomi hata moja. Chukua orodha ya malipo ya mwaka uliopita, ipange kutoka kubwa kwenda ndogo, shuka nayo mpaka uone fedha nyingi zimeshapita lakini idadi ya malipo bado ni ndogo. Mstari wa ukomo uuchore karibu na hapo. Yaliyobaki chini yasiachwe bila macho, yakaguliwe kwa sampuli kila mwezi, baada ya kulipwa.

Na ukomo hauwezi kila kitu. Fundi na mwidhinishaji wakiwa wanakula sahani moja, saini mbili ni sawa na moja. Profoma tatu zikiwa zimetoka kwa ndugu watatu, bei itakuwa juu na karatasi zitakuwa safi.

Dharura nayo ina mlango wake, ila mlango uwe umeandikwa. Lori limekwama Tunduma usiku, mzigo wa mteja uko juu, gia imekufa, kifaa ni 2,600,000. Dereva anampigia fundi, fundi anampigia mwidhinishaji, mwidhinishaji anajibu kwa ujumbe wa simu wenye namba ya gari, jina la kifaa, kiasi na neno "nimeidhinisha". Fedha zinatumwa. Ujumbe huo unachapishwa na kubanwa kwenye vocha, karatasi za kawaida zinajazwa ndani ya siku mbili za kazi, na gia iliyokufa inarudi Dar es Salaam ndani ya lori lile lile ili mtunza stoo aipokee.