"Mhudumu mzuri hamsumbui bosi": dhana inayotupotezea wateja

Wiki iliyopita nilikuwa Arusha nikiwafundisha wahudumu wa kurasa, wale wanaoshika simu ya ofisi na kujibu meseji za Facebook, Instagram na WhatsApp. Nikauliza: mteja akileta jambo usilolijua, unafanyaje? Binti wa mbele akajibu kwa kujiamini kabisa: "Namtuliza. Namalizana naye mwenyewe, bosi sitaki aone siwezi kazi." Wenzake wakaitikia kwa kichwa. Jibu hilo nimelisikia Moshi, nimelisikia Usa River, nimelisikia kwa wahudumu wa hoteli na wa maduka ya vipuri. Nimechoka kulisikia, na leo nalishughulikia lenyewe kwanza.

Dhana: Kupeleka suala kwa mkubwa ni kushindwa kazi

Ukweli ni kwamba suala halipelekwi juu kwa sababu ni gumu. Linapelekwa kwa sababu jibu lake lipo mahali usipopaona wewe, au linahitaji ruhusa ambayo hukupewa, au ukilikosea halirudi nyuma. Mhudumu anaweza kuwa na akili nyingi kuliko meneja na bado asiwe na jibu, kwa vile tu simu inayopokea hela haipo mezani kwake.

Kuna gesti moja Moshi niliyoitwa kuisaidia baada ya mambo kuharibika. Mnajua Desemba yetu ilivyo: mabasi ya kutoka Dar yanajaa, watu wanarudi Kibosho, Marangu na Rombo, na nyumba ya baba haiwatoshi wote. Dada mmoja wa Dar akaamua familia yake ilale mjini. Vyumba viwili, usiku tatu, kuanzia tarehe 23 hadi 26, kila chumba shilingi 60,000 kwa usiku. Jumla 360,000, akatakiwa kutanguliza nusu. Tarehe 14 akatuma 180,000.

Hela hakuituma kwenye Lipa Namba. Alishuka chini kwenye ukurasa wa gesti, akakuta posti ya miaka iliyopita yenye namba ya kawaida ya mwenye gesti, akatuma huko. Namba ilikuwa hai na jina lililotokea lilikuwa la mwenye gesti, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kutia shaka.

Mhudumu alipoulizwa, alifungua orodha ya Lipa Namba, hakuona kitu, akajibu ndani ya dakika nne: "Bado hatujaona malipo yako dada, hakikisha umetuma sehemu sahihi." Dada akatuma picha ya ujumbe wa muamala. Jibu: "Subiri masaa 24 mtandao unasumbua." Kesho yake akaandika tena, akaambiwa tena mtandao. Yale maneno ya mtandao mhudumu aliyatunga. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anatafuta la kusema huku akiomba hela itokee. Vyumba havikuandikwa jina, na tarehe 20 vikapewa watu wengine. Tarehe 22 dada yuko ndani ya basi, akaandika komenti chini ya posti ya ofa ya Krismasi, na watu wakaanza kuchangia kuhusu matapeli.

Ndipo mwenye gesti alipojua. Akafungua simu yake ya zamani, ile hela ipo tangu tarehe 14. Kuitafuta kulimchukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Kulipia vyumba vya hoteli nyingine katikati ya msimu kulimgharimu zaidi ya ile 180,000.

Tazama pale picha ya muamala ilipofika. Mhudumu aliitazama kiasi na tarehe, basi. Angesoma jina la mpokeaji angeona ni la bosi wake na si la biashara, na hapo hapo angejua jibu liko wapi. Ni kweli picha za miamala hughushiwa, kwa hiyo usimthibitishie mtu chumba kwa picha peke yake. Lakini picha inakuonyesha nani wa kuulizwa, na kazi yako ni kumuuliza.

Kwa hiyo kabla ya kuandika jibu lolote lenye uzito, jiulize mambo matatu. Jibu hili naliona kwa macho yangu, au nakisia? Nina ruhusa ya kulitoa? Nikikosea, kunarekebishika? Ukikwama kwenye moja tu, suala si lako tena.

Hilo la tatu watu hulisahau. Mtu anaandika kwa upole: "Samahani, mke wangu amefikia kwenu? Yuko chumba gani? Nataka kumshtukiza kwa zawadi." Jibu unaliona kwenye kitabu, na ni fupi. Ila ukilitoa huwezi kulirudisha mdomoni, na hujui nani yuko upande wa pili. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata bila sheria jibu ni moja: "Hatutoi taarifa za wageni," kisha mjulishe meneja. Hata kuwepo kwake usikuthibitishe.

Masuala ya mwili wa mtu hayahitaji hata maswali hayo. Mteja akisema amekula kwenu akaharisha, au ndugu yake aliye mlimani na kampuni yenu anaumwa kichwa na kutapika, unapiga simu kwa mkubwa sasa hivi, halafu ndiyo unaandika. Vilevile akitaja polisi au wakili. Nasema kupiga simu kwa makusudi. Kumwandikia meneja WhatsApp na kungoja tiki mbili za bluu si kukabidhi suala.

Kukabidhi nako kuna namna yake. Kinachomchosha mteja ni kuulizwa upya na kila anayeshika simu. Mwandikie mkubwa mistari michache ambayo itamtosha bila kurudi kwa mteja. Kwa yule dada ingekuwa hivi:

"Vyumba 2, tarehe 23–26 Desemba. Ametuma 180,000 tarehe 14, jina la mpokeaji ni lako, si la Lipa Namba. Picha hiyo hapo. Nimeangalia Lipa Namba, haipo. Nimemwahidi jibu saa kumi jioni leo. Vyumba nimevishikilia hadi hapo."

Mstari wa ahadi ndio wenye nguvu, kwa sababu unampa bosi saa ya mwisho. Na mteja anaandikiwa hivi: "Dada, nimeona muamala wako wa 180,000 wa tarehe 14. Umeenda kwenye namba ambayo mimi siioni, anayeiona ni meneja na nimeshampa. Vyumba vyako tumevishikilia. Saa kumi jioni nitakuandikia tulipofikia." Saa kumi ikifika na bosi hajajibu, unaandika vilevile: "Meneja bado hajaifungua namba ile, nampigia tena, nitakuandikia saa kumi na mbili." Huna jibu, lakini umekuja saa uliyosema. Mteja anayeandikiwa hivi mara chache atakimbilia komenti.

Na nyie wenye biashara, dhana hii mmeipanda wenyewe. Mhudumu akikupigia unamfokea, "Hata hili nalo?" Kesho hatakupigia, atatunga habari za mtandao. Mpe kiwango cha hela anachoweza kuamua bila kukuuliza, hata kama ni shilingi 20,000 tu ya punguzo au ya kumrudishia mteja. Mpe pia namba ya mtu wa pili ukiwa kanisani, msibani au porini kusiko na mtandao. Utashangaa simu zitakavyopungua, na zitakazobaki zitakuwa za maana.

Dhana: Kujibu haraka ndiyo huduma

Zile dakika nne za gesti zilikuwa za haraka na hazikumsaidia mtu. Na ile salamu inayojituma yenyewe kwenye WhatsApp Business, *Greeting message*, wengi wanaihesabu kuwa jibu. Inaenda kwa mteja anayeandika mara ya kwanza au aliyekaa kimya siku 14, basi. Haijasoma alichoandika. Itumie kueleza saa zenu za kujibu, na usiku washa *Away message* inayotaja saa mtakayorudi.

Ushauri wangu wa kasi ni huu, na naung'ang'ania: msijibu kwa foleni ya aliyetangulia. Asubuhi ukikuta meseji thelathini, zipitie zote kwa macho kwanza bila kujibu hata moja. Anza na za hela iliyolipwa na za mtu anayesafiri leo, kisha malalamiko, kisha wanaoulizia bei. Saa za kazi, lisilo la dharura lijibiwe ndani ya saa moja. Biashara yenye mhudumu mmoja isiahidi dakika tano, itaonekana ya uongo kabla ya mchana.

Dhana: Lugha nzuri ni "mpendwa" na maua

Hapana. Lugha nzuri ni kumwonyesha mtu umesoma alichoandika. "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza" ni sentensi mbaya kuliko kukaa kimya, kwa sababu ya hilo neno "wowote". Mtu ameshakutajia usumbufu ni upi. Mwambie, "Pole mama, umesubiri basi hadi saa tatu usiku na mtoto," halafu sema unachofanya. Mtu akianza na salamu, itikie kabla ya kazi. Akiwa amekasirika, ondoa vikaragosi vyote, hata kile cha mikono iliyofumbatana.

Na "bei njoo inboksi" iacheni. Kama bei ipo, iandike pale pale. Anayeuliza hadharani amewaulizia na wengine ishirini waliokaa kimya.

Dhana: Komenti ya lawama ifutwe kabla haijaonekana

Imeshaonekana, na kuna aliyeipiga picha. Ijibu hadharani kwa mstari mmoja wenye jambo lenyewe, mpeleke mteja kwenye meseji kwa namba yake ya simu na namba ya muamala (hivyo visiandikwe kwenye komenti kamwe), kisha, na hapa ndipo wengi wanapokatia, rudini chini ya komenti ile ile mkisema lilivyoisha. Futeni matusi na namba za watu tu.

Ile gesti ilifanya hivyo. Mwenye gesti aliandika mwenyewe kwamba hela ilikuwa kwenye simu yake tangu tarehe 14 na kosa ni lake, na dada yule akaijibu kwa neno "Asante". Kisha tukakaa na mhudumu mchana mzima tukishuka kwenye ukurasa, posti baada ya posti. Ile namba ya zamani tuliikuta kwenye posti kumi na moja, na kwenye picha ya bango la mlangoni.