Saa ya oto na saa ya kuseti mwenyewe: kwa nini alamu inalia muda sio wake

Alamu ikilia lisaa lizima kabla au baada ya muda ulioutaka, mara nyingi alamu yenyewe haina kosa lolote, imelia pale pale ilipoambiwa ilie, ila saa ya simu ndo ilihama bila wewe kujua. Na haihami hovyo. Ukielewa simu inavyotunza muda utaweza kujua ni kitu gani kimehama na nani kakihamisha.

Simu haitunzi "saa kumi na moja alfajiri" kama unavyoisoma wewe kwenye skrini. Ndani inatunza vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni muda wa dunia nzima, UTC, ambao sekunde hii hii ni mmoja kwa simu zote popote zilipo. Cha pili ni ukanda wa saa, yani maelezo kwamba hapa ulipo mko mbele au nyuma ya UTC kwa kiasi gani, mfano UTC+3 au UTC+2. Unachokiona kwenye skrini ni hesabu ya hivyo viwili vikijumlishwa. UTC ikiwa 02:00 na ukanda ni +3, skrini inaandika 05:00, basi.

Sasa ukiacha oto imewashwa, simu inaletewa hivi vitu kutoka nje. Laini ikijisajili kwenye mtandao, au ukihama kutoka eneo moja la minara kwenda jingine, mtandao unaweza kuitumia simu ujumbe mdogo unaoitwa NITZ, ndani yake kuna muda wa UTC na tofauti ya ukanda, na tofauti hiyo inahesabiwa kwa robo saa robo saa maana zipo nchi zenye nusu saa na hata dakika 45. Nasema "unaweza" kwa sababu NITZ sio lazima, kuna mitandao haitumi na kuna inayotuma muda uliokosewa. Ndo maana simu nyingi za siku hizi zinachukua muda pia kwenye seva za intaneti, huko muda unakuja safi kabisa ila unakuja UTC peke yake, hauna ukanda. Kwa hiyo simu isiyo na laini inayotumia waifai tu inaweza kuwa na UTC sahihi hadi sekunde na bado skrini ikasoma lisaa sio lake, kwa sababu hakuna aliyeiambia iko ukanda gani.

Hapo ndo watu wengi wanajiharibia. Chukua simu ambayo ukanda wake umesetiwa +2 wakati mahali ilipo ni +3. Saa halisi ni 05:00, skrini inaandika 04:00. Mwenye simu anaingia setingi, anazima oto, anasogeza saa mbele mpaka 05:00, anaona sasa imekaa sawa. Lakini ukanda hajaugusa, bado ni +2, kwa hiyo ili skrini iandike 05:00 simu imelazimika kuamini kwamba UTC ni 03:00 wakati UTC ya kweli ni 02:00. Kosa halijatoka, limehama kutoka kwenye ukanda likaingia kwenye muda wenyewe, na huko ni pabaya zaidi.

Dalili zake zipo na ukizijua hutazikosa. Meseji ya chati iliyoingia sasa hivi itaonekana imeingia lisaa lililopita, maana seva imeipiga muhuri wa UTC ya kweli 02:00 afu simu ikaongeza +2. Zile namba za siri zinazobadilika kila sekunde 30 kwenye programu ya uthibitisho zinaweza kukataliwa zote hata ukiandika haraka vipi, kwa sababu zinatengenezwa kutokana na UTC na ya kwako imekosea. Alamu kwa muda huo inalia vizuri tu, kwa hiyo mtu hana wasiwasi.

Afu siku moja oto inawashwa tena, labda wewe mwenyewe, labda mtu kaishika simu, labda umerudisha setingi za mwanzo. Simu inapata UTC ya kweli, inajumlisha +2 ile ile, skrini inarudi lisaa moja nyuma. Alamu yako ya 05:00 imetunzwa kama saa na dakika, programu ya saa ikisikia muda umebadilika inapiga hesabu upya, itasubiri skrini ifike 05:00, na hapo kwa kweli ni 06:00 umeshachelewa. Mtu analaumu mtandao kwamba umemharibia saa wakati mtandao umeleta muda sahihi kabisa. Dawa sio kusogeza saa tena. Acha muda oto, nenda kwenye ukanda wa saa uchague wa mahali ulipo, basi, skrini itajirekebisha yenyewe.

Kesi ya pili inawasumbua wanaokaa karibu na mpaka wa nchi zenye ukanda tofauti, na hii ni ngumu kuigundua kwa sababu asubuhi hakuna ushahidi. Tuseme wewe uko +3, ng'ambo ni +2, umeseti alamu 05:00. Saa 04:50 signo ya mnara wa kwenu inashuka, simu inadaka mnara wa ng'ambo, inapokea ukanda wa +2, skrini inarudi 03:50. Ikifika 05:00 ya kwenu skrini inasoma 04:00, alamu kimya. Ikifika 05:30 simu inarudi mnara wa nyumbani, skrini inaruka kutoka 04:30 mpaka 05:30, ile 05:00 haijapita kabisa kwenye hiyo simu! Hapo inategemea programu yenyewe, nyingine italia papo hapo kwa kuchelewa, nyingine itakuandikia umekosa alamu, nyingine itaisogeza mpaka kesho kimya kimya. Ukiamka unakuta saa iko sawa na alamu bado imewashwa, unabaki unajiuliza kama ulilala sana.

Kwenye simu nyingi za Androidi kuna swichi mbili, moja ya muda oto na nyingine ya ukanda oto, na kwa mtu wa mpakani jibu ni kuacha ya kwanza imewashwa na kuzima ya pili, afu unachagua ukanda wako kwa mkono. Kwenye aifoni swichi ni moja, ukiizima unachagua mji ulio ukanda wako, ila hapo ujue na muda umeacha kurekebishwa, na saa ya simu ikiachwa peke yake inaweza kukosea sekunde moja au mbili kwa siku, kwa hiyo iangalie mara moja moja. Ukisafiri kweli kwenda ukanda mwingine kumbuka kubadilisha, maana simu haitakubadilishia.

Na kama una jambo la kuamkia usiku mmoja na huiamini saa ya simu, tumia taima badala ya alamu. Taima kwa kawaida inahesabu muda uliopita tangu uibonyeze, haiangalii skrini inasema saa ngapi, ukiiambia masaa 6 italia baada ya masaa 6 hata ukanda ukihama mara ngapi katikati.